Madawati ya Januari hutangazwa Agosti
Wiki iliyopita, hapa Chake Chake, nilimpangia mkuu wa idara yetu mpango wa manunuzi wa mwaka kwa robo nne, kuanzia Julai hadi Juni. Kilichonichukua muda mrefu ni madawati ya skuli, ambayo mpango uliyaweka robo ya pili kwa sababu tu ndimo yatakamolipiwa.

Nilihesabu kwa kurudi nyuma: ili madawati yafike katikati ya Disemba, yawe tayari kwa Januari, tuliwapa mafundi wiki 8 za kuyatengeneza, tathmini, idhini ya bodi ya zabuni na kusaini mkataba wiki 5, na wazabuni wiki 4 za kuandaa zabuni zao. Jumla ni wiki 17, kwa hiyo tangazo litoke katikati ya Agosti, yaani robo ya kwanza. Ndiyo maana kila zabuni sasa ina safu mbili: robo ya kutangazwa na robo ya kulipwa.

Mkuu aliniuliza, “Ndugu yangu, hatuwezi kuyanunua kidogo kidogo kwa nukuu za bei?” Nilimweleza kwamba mahitaji ya aina moja hujumlishwa kwanza, na jumla hiyo ndiyo inayoamua njia ya ununuzi, kuyagawa ili kukwepa zabuni ya wazi hakuruhusiwi. Aliidhinisha Agosti.