Dakika 78 zilizokuwa zimejificha kwenye laini yetu ya maji

Nilipoanza kupiga hesabu ya ufanisi wa laini yetu ya kujaza maji ya chupa hapa Mwanza, ile inayoandikwa OEE kwenye ripoti, yaani upatikanaji mara kasi mara ubora, nilishauriwa niweke kasi ya chupa 150 kwa dakika, "ndiyo tuliyoizoea". Nikatii. Kipengele cha kasi kikasoma asilimia 107! Ukiona imevuka 100, usishangilie: kipimo chako ni cha uongo. Mashine ya kujaza imetengenezwa kwa chupa 200 za nusu lita kwa dakika, basi hiyo 200 ndiyo ya kupimia.

Zamu yenyewe ilikuwa hivi. Ukitoa mapumziko, tulipanga dakika 450. Umeme ulikatika dakika 22, na kubadili kutoka chupa za lita moja na nusu kulikula 38. Zote 60 zinaangukia kwenye upatikanaji, yaani sehemu ya muda uliopangwa ambayo mashine ilikimbia kweli. Kuna waliotaka umeme niutoe kwa kuwa si kosa letu, lakini hesabu haitafuti mkosaji, na chupa hazikujazwa. Zikabaki dakika 390 za kukimbia, yaani asilimia 86.7.

Dakika 390 zilipaswa kutoa chupa 78,000. Zilitoka 62,400, sawa na asilimia 80. Pungufu ya 15,600 ni dakika 78, nyingi kuliko zile 60 tulizokuwa tukizigombania kila kikao, na kwenye daftari la mashine hazikuwepo kabisa.

Hapo nikachukua boksi tupu na kalamu, nikakaa kando ya mashine ya kujaza, maana ndiyo inayoamua laini nzima itoe kiasi gani. Kila iliposimama nikachora mstari na kutazama saa. Watu walinicheka, mhandisi mzima anachora vijiti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwisho wa zamu vilikuwa vijiti 104, wastani sekunde 25 kila kimoja: dakika 43. Hakuna anayeandika kituo cha sekunde 25. Dakika 35 zilizobaki zililiwa na kasi yenyewe, kwa sababu opereta alikuwa ameishusha hadi 180.

Nilimuuliza kwa nini. "Bosi, nikipandisha zinalala." Kweli, kwenye kona kabla ya mashine ya lebo, vyuma vya kuongozea chupa vilikuwa vimebaki kwenye upana wa chupa kubwa. Chupa ndogo ikapata nafasi ya kuyumba, ikaanguka, zilizo nyuma zikabanana. Tukavisogeza vikabaki milimita 3 tu zaidi ya unene wa chupa, tukachonga kipande cha mbao cha kupimia kila tunapobadili saizi.

Ubora ulikuwa asilimia 98, chupa 1,248 zenye vifuniko vya upande au maji pungufu. Chupa iliyofungwa upya ihesabiwe mbovu hivyohivyo. Zidisha vyote vitatu unapata asilimia 68. Ukitaka kuhakiki, gawa chupa nzuri 61,152 kwa 90,000, ambazo ni dakika 450 mara chupa 200. Zisipolingana, kuna hasara umeihesabu mara mbili au umeiruka.