Dokezo nililoliandikia ghala la korosho

Mwezi Novemba 2017 nilikuwa Mtwara, kwenye kampuni ya bima. Kazi yangu ilikuwa kupima hatari na kuamua kama tuibebe, kwa ada gani na kwa masharti gani. Mezani likafika ombi la mfanyabiashara aliyenunua korosho ghafi mnadani, akitaka kuzikatia bima kwenye ghala alilokodi mjini wakati anasubiri meli.

Nilikwenda kuliona mwenyewe. Magunia ya kilo 80 yalikuwa yamepangwa vizuri juu ya chaga, ila upande mmoja yalikuwa yameuegemea ukuta. Juu yake, bati mbili zilikuwa na matundu ya misumari, mwanga ukipenya kama nyota. Nje ya mlango mama lishe alikuwa amewasha jiko la mkaa, hatua chache tu kutoka kwenye rundo la magunia matupu. Niliingiza mkono katikati ya magunia, yalikuwa ya baridi. Hapo nilipata matumaini, maana korosho iliyoingizwa na unyevu hupata joto ndani ya rundo kabla hata ukungu haujaonekana. Mpokeaji mizigo akachoma bambo kwenye magunia kadhaa, nasi tukapasua korosho zilizotoka. Zilikuwa nyeupe na kavu.

Kwa hiyo mzigo ulikuwa mzuri, jengo ndilo lililokuwa na kasoro, na kasoro hizo zilirekebishika. Kumkataa mteja kama huyu niliona ni uvivu. Kumkubali kimyakimya nako ni kumtegea, kwa sababu mvua za kaskazi zilikuwa njiani. Nilimkubali kwa masharti matatu: bati zizibwe ndani ya siku 14 na tuletewe picha, magunia yakae mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na moto wowote wa kupikia uhamie nje ya uzio. Hasara ya maji, asilimia 10 ya kwanza angeibeba mwenyewe.

Kisha nikakaa kuandika dokezo kwa wenzetu wa madai. Nililiandika kwa uchungu kidogo, maana mwaka uliotangulia nilishuhudia dai likikataliwa kwa sharti lisilohusiana kabisa na hasara iliyotokea. Atakayelisoma faili miezi mitatu baadaye huona masharti tu, haoni nilichokiona ghalani. Ndiyo maana kila sharti niliambatanisha na sababu yake. Nakumbuka niliandika hivi: “Sharti la jiko linalinda dhidi ya moto. Ganda la korosho lina mafuta, likishika moto haliwahiki. Sharti hili likivunjwa, lisitumike kukataa dai la maji. Sharti la nafasi ukutani linalinda dhidi ya maji yanayoteremka ukutani, basi.” Na kwenye mkataba wenyewe niliweka maneno kwamba sharti likivunjwa linaathiri hasara ya aina ile lililokusudiwa kuizuia. Bila maneno hayo, dokezo lingebaki maoni yangu tu, mteja asingeweza kulishika.

Januari upepo uliinua bati moja usiku, mvua ikaingia. Magunia 46 yakalowa. Mkuu wa madai akanipigia simu.

“Dada, jiko la mama lishe lipo palepale mlangoni. Huyu amevunja sharti, faili nalifunga.”

“Kaka, shikamoo kwanza,” nilimwambia, maana alikuwa amenizidi sana umri. “Naomba ufungue dokezo langu, ukurasa wa pili.”

Alinyamaza, nikasikia karatasi zikigeuzwa. Aliposoma hakubishana. Aliniuliza tu tutajuaje maji yalipitia wapi.

Tulikwenda na mkadiria hasara. Magunia 40 yalikuwa na doa lililoanzia juu na kuzidi kufifia kuelekea chini, yakiwa moja kwa moja chini ya ile bati iliyoinuka. Matundu ya zamani yalikuwa yamezibwa, na picha tulishaletewa ndani ya muda. Magunia 6 yaliyobaki yalikuwa yamerudishwa kuuegemea ukuta, na yalilowa ubavu mmoja tu, ule uliogusa saruji. Kwa hayo sita mteja alikuwa amevunja sharti lililohusika moja kwa moja, na sikumtetea. Tulilipa kwa magunia 40, tukatoa asilimia 10 yake, na thamani ya korosho zilizookolewa kwa kuanikwa upya nayo ikapunguzwa.

Mteja alilalamikia yale sita. Nilimpeleka ukutani, nikamshikisha gunia moja ubavu uliolowa, kisha ule mkavu. Alitazama alama ya maji ikishuka kwenye saruji mpaka pale gunia lilipokuwa limekaa. Akatia saini. Mama lishe naye alihamia nje ya uzio juma lile lile.