Magamba ya mti yaliyokuwa yakififia upande mmoja

Nilikuwa nachonga shina la mbuyu wa katuni kwenye Blender, programu ya uchongaji wa 3D: kiuno kinene, mizizi iliyotanuka. Umbo lilitoka vizuri kwa Dyntopo, inayogawa uso kwa pembetatu kadiri unavyochonga, lakini nilipogonga brashi ya alfa ya magamba, yaani picha ya kijivu inayochapa nyufa, mbele nyufa zilikata sawasawa, nyuma zikawa kama zimepakwa siagi.

Nikawasha Wireframe na sababu ikaonekana. Dyntopo ilikuwa kwenye Relative Detail, ambayo hupima pembetatu kwa pikseli za skrini. Nilikochonga kwa karibu zilikuwa ndogo. Nilikochonga kwa mbali zilikuwa kubwa mno kushika ufa.

Nikazima Dyntopo, kazi yake ya umbo ilikuwa imekwisha. Nikapunguza Voxel Size na kubonyeza Ctrl+R kuujenga uso upya, shina zima likapata vipande vya ukubwa sawa, kisha nikaongeza Multires, inayoweka undani kwa ngazi, ili magamba yakae kwenye ngazi yake.

Kila pigo pia liliacha kibandiko cha mraba kilichoinuka, kwa kuwa usuli wa alfa ulikuwa kijivu cha kati. Sample Bias ya -0.5, inayopunguza thamani ya picha ya alfa, ilikiondoa. Stroke niliiweka Anchored, nikawa nazungusha kila gamba lifuate mkunjo wa shina.