Siku moja maishani mwangu: siku presha kuka zinapoisha, Kariakoo

Saa 2 asubuhi. Stoo inahesabiwa kwa mikono kabla ya mteja wa kwanza. Daftari linasema presha kuka za umeme za lita 6 zimebaki tatu. Rafuni ziko mbili, na moja ni ya kuonyeshea, mpira wa mfuniko umeshalegea, hiyo siihesabu. Ya tatu iliuzwa kwa simu Jumamosi jioni, haikuandikwa. Kwa hiyo ya kuuza ni moja tu, nayo haifiki saa 3.

Saa 3. Imeshauzwa. Naificha bidhaa hiyo kwenye katalogi ya WhatsApp, kisha nabandika karatasi kaunta. Wa kaunta na wa simu wakipishana, mtu analipia kitu ambacho hakipo.

Saa 4. Tarehe. Msafirishaji anasema meli inaingia 9 Machi, lakini hiyo ni tarehe ya meli, siyo ya duka. Mzigo wetu uko kwenye kontena la kuchangia: mwenzako mmoja karatasi zake zikiwa pungufu forodhani, wote mnasubiri. Naongeza siku 10 za kutoa mzigo na 2 za kufungua maboksi na kujaribu kila presha kuka. Inakuja 21 Machi, naandika "kati ya 21 na 25". Neno "hivi karibuni" silitumii, linazaa simu za kila siku.

Saa 5. Zinakuja 40. Kumi na mbili zina mwenyewe, mteja wa jumla wa Mbagala. Zinabaki 28, nazo natoa 3 kwa ajili ya zitakazofika zimebonyea au na plagi ya pini mbili. Oda zangu ni 25, basi.

Saa 6 mchana. Tangazo linatoka kwenye stetasi ya WhatsApp:

> PRESHA KUKA YA UMEME LITA 6 ZIMEISHA. Mpya dukani kati ya 21 na 25 Machi. Bei 120,000/=. Kuweka oda: tanguliza 40,000/=, 80,000/= ukichukua. Nafasi 25. Ukiikosa hadi 31 Machi, unarudishiwa hela yote.

Bei lazima iwemo. Aliyetanguliza hapandishiwi, hata dola ikipanda.

Saa 8. "Dada, hakuna hata moja?"
"Zimeisha, kaka. Ya lita 5 ipo, au uweke oda."
Wengine huchukua ya lita 5. Silazimishi, mwenye familia kubwa atairudisha.

Saa 10 jioni. Malipo. Picha ya muamala siikubali peke yake, naangalia ujumbe ulioingia kwenye lipa namba. Kisha naandika namba ya oda, jina, simu, kiasi na salio, na mteja anatumiwa namba yake. Mzigo ukifika, wanaanza kuitwa kwa kufuata namba hizo.

Saa 12. Oda 9, zimebaki nafasi 16. Nabadilisha namba hiyo kwenye karatasi ya kaunta. Stetasi inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo kesho saa 6 inapandishwa tena, ikiwa na 16.