Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Zege la Mitaro ya Msingi

Saa 1 asubuhi. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na leo nimefika Kihonda, Morogoro, ambako nyumba moja ya familia inamwagiwa zege la msingi. Mitaro ilikamilika jana jioni, na mifuko 45 ya saruji imekwisha kupangwa chini ya turubai. Idadi hiyo niliikadiria mwenyewe kutoka kwenye ramani, lakini sikubali mashine ya kuchanganyia iwashwe kabla sijaupima mtaro wenyewe.

Saa 1:30. Kibarua mmoja kijana ananiuliza kwa nini kwenye daftari langu kuna mita za ujazo 6.67 tu, ilhali yeye, kwa kuzidisha urefu, upana na kina cha mtaro cha mita 0.90, amepata kama 30. Namweleza kwamba hesabu yake ni ya udongo uliochimbwa. Zege halijazi mtaro mzima. Linalazwa chini kwa unene wa mita 0.20, kisha tofali zinapanda juu yake. Kwa hiyo kina cha mtaro kinamhusu mchimbaji, na unene wa zege ndio unaomhusu mnunuzi wa saruji.

Saa 2. Urefu ndio unaowakosesha wengi. Kuta za nje za nyumba hii, zikipimwa katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, ni mita 10 kwa 8, yaani mzunguko wa mita 36. Kipimo cha katikati hakihitaji marekebisho kwenye kona, kwa sababu kipande kinachohesabiwa mara mbili upande wa ndani wa kona hulingana na kile kinachoachwa upande wa nje. Kuta za ndani ni jambo jingine. Ukuta mrefu wa mita 10 unagota kwenye mitaro ya nje pande zote mbili, na hapo zege tayari limehesabiwa, hivyo kila ncha hupunguzwa nusu ya upana wa mtaro. Kwa upana wa ramani wa mita 0.60, unabaki mita 9.40. Kuta tatu fupi za mita 4 nazo zinabaki 3.40 kila moja. Jumla yote ni mita 55.60, ambazo zikizidishwa kwa 0.60 na 0.20 zinatoa zile 6.67.

Saa 3. Sasa nashuka mtaroni na futi kamba. Udongo wa hapa una mchanga mwingi, na kingo zimemong'onyoka usiku. Napima upana chini kabisa mwa mtaro, kila baada ya mita 3, na wastani unatoka mita 0.66. Fundi mkuu na mimi tunavuta mpira wa maji kutoka kigingi hadi kigingi, ili vichwa vya vigingi vyote vya chuma viwe usawa mmoja, maana ndivyo vitakavyoonyesha uso wa zege. Kutoka kichwa cha kigingi hadi chini napata 0.20 mahali pengi, lakini karibu na kona ya jikoni ni 0.27, mchimbaji alipozidisha. Wastani ni 0.22.

“Fundi, hapa tungerudishia udongo kidogo,” anasema msaidizi wake.

“Hapana, mdogo wangu,” anajibu fundi mkuu. “Udongo uliorudishwa utatitia. Shimo lililozidi hujazwa zege.”

Namuunga mkono kabisa, ingawa gharama yake inaangukia kwenye hesabu yangu.

Saa 4. Nahesabu upya. Kuta za ndani zinapungua kidogo kwa kuwa mtaro umepanuka, na urefu unakuwa mita 55.36. Mara 0.66, mara 0.22, ni mita za ujazo 8.04. Yaani sentimita 6 za upana na 2 za unene zimeongeza zege kwa asilimia 20. Naongeza asilimia 5 ya upotevu, napata 8.44. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula takriban mifuko 6.3 ya kilo 50, hivyo tunahitaji 54. Nampigia simu mama mwenye nyumba.

“Shikamoo, mama. Naomba mifuko 9 zaidi kabla ya saa 6.”

Anauliza kama kuna iliyopotea. Namsomea vipimo vyote viwili, cha ramani na cha mtaro, naye anaagiza.

Saa 5 hadi saa 10. Tunamwaga. Mifuko 45 inakwisha tukiwa tumebakiza ukuta mmoja mfupi na kona ya jikoni. Bila ile ya nyongeza, zege lingelala usiku kucha likiwa limekatika hapo, na la kesho lisingeshikana nalo vizuri.

Saa 11 jioni. Chini ya turubai imebaki mifuko 2. Naandika daftarini: iliyotumika, 52.