Mkato Ulioishia Njiani

Mwaka 2016 tulipata nyumba Ngong kwa shilingi milioni 3.6. Benki ilikuwa tayari kutukopesha pesa hizo zote mradi tuongeze dhamana, maana akiba ya kulipa sehemu ya bei hatukuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mfuko wa pensheni wa kazini, uliofika milioni 2.4. Kanuni za 2009 za RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni Kenya, zinamruhusu mwanachama kuweka rehani hadi asilimia 60 ya mafao yake kwa ajili ya mkopo wa nyumba. Kwangu hiyo ilikuwa 1,440,000. Pesa haikutoka kwenye mfuko, ila wadhamini wa mfuko waliahidi kwa maandishi kwamba nikishindwa kulipa, benki italipwa kutoka hapo.

Rejesho lilikuwa kama 45,500 kwa mwezi, likatwe na mwajiri kabla mshahara haujanifikia. Mhasibu alipiga hesabu kuhakikisha nabaki na theluthi ya mshahara, kama sheria ya ajira ya 2007 inavyotaka. Nilibaki na zaidi kidogo ya hiyo. Mume wangu akafurahi: "Afadhali ikatwe hukohuko, sisi tusiione." Hata mimi niliona ni raha. Huna haja ya kukumbuka tarehe.

Mwaka wa tatu taasisi yetu ikaanza kuyumba. Mishahara ilikuja, lakini kwa kuchelewa. Hati ya mshahara ilionyesha kila kitu kama kawaida: kodi, bima, pensheni, na mstari wa mkopo wa nyumba, 45,500, pamoja na salio lililokuwa likipungua vizuri. Salio hilo liliandikwa na kompyuta ya mwajiri, si ya benki. Hilo sikulijua mpaka nilipopata barua.

Haikuandikiwa mimi. Iliandikiwa wadhamini wa mfuko, nami nikapewa nakala tu: mkopo una malimbikizo ya miezi minne, na benki inakusudia kudai dhamana. Nikaenda benki nikiwa nimebeba hati zangu za mshahara kwenye bahasha. Binti wa mikopo alizipanga mezani, akageuza kompyuta yake nione. Malipo ya mwisho yalikuwa ya Machi. Chini yake hakukuwa na mstari wa malipo hata mmoja, ni riba na faini zikipandana.

"Mama, hizi zinaonyesha umekatwa," akasema. "Hazionyeshi sisi tumelipwa."

Nikamuuliza basi kwa nini msimdai aliyenikata. Akafungua mkataba wangu: mkopaji ni mimi. Barua ya mwajiri ya kuahidi kupitisha makato ilikuwa kwenye faili, lakini haikumfanya awe mdaiwa. Kwa hiyo pesa imeshatoka mfukoni mwangu, benki haijaipokea, na katikati uzee wangu ndio umesimama mdhamini. Kumbuka pia kwamba mkopo wa kawaida ukikwama benki inakufuata wewe kwanza, ubishane nayo. Huu wangu ulikuwa na njia ya mkato ya kwenda kwa wadhamini.

Ofisi ya fedha kazini walinijibu kwa upole wa kuudhi. Makato yalikuwa ya "makaratasi" tu. Pesa ya mishahara ilikuja pungufu, wakalipa mishahara halisi na kuacha makato yasubiri. Nilipochungulia, hata mchango wa pensheni wenyewe ulikuwa haujapelekwa. Mfuko uliokuwa dhamana ya deni nao haukuwa ukikua.

Niliwaandikia wadhamini siku hiyohiyo, nikaambatisha hati za mshahara na taarifa ya benki, nikiwaomba wasilipe dai kabla mwajiri hajajibu kwa maandishi. Nakala nikapeleka RBA, na hiyo ndiyo iliyowashtua watu wa fedha. Benki nayo nikaiomba ibadili njia: mwajiri asinikate tena, mshahara uingie wote kwenye akaunti yangu na benki ijichukulie rejesho humo kwa agizo la kudumu. Walisita, wakasema mteja anaweza kuhamisha mshahara. Nikamwambia meneja nionyeshe ni wapi mwajiri amekulipeni tangu Machi. Akasaini.

Mwajiri alilipa malimbikizo kwa mafungu. Faini alikataa kabisa, nikazilipa mimi, na bado nazidai. Dai la dhamana likaondolewa kabla mfuko haujaguswa. Mwenzangu wa idara ya ununuzi hakuwahi. Alikuwa ameacha kazi tayari, barua zake zikaenda kwenye anwani ya ofisini, na alipofuatilia mafao yake alikuta benki imeshalipwa sehemu iliyowekwa rehani, kwa deni ambalo nusu yake lilikuwa limekatwa kwenye mshahara wake.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi naomba taarifa ya mkopo kutoka benki yenyewe, na mara mbili kwa mwaka naomba ya mfuko. Kule fedha wananiita mkaguzi.