Siku moja maishani mwangu: milango minne ya kabati na mianya isiyolingana

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni makabati mawili ya juu, yamefungwa ubavu kwa ubavu, kila moja lina milango miwili. Mama mwenye nyumba ameshaandaa hukumu yake: "Fundi, mlango wa pili umelala upande wa kushoto. Upandishe kidogo tu."

Kweli umelala. Lakini bisibisi bado imo mfukoni, kwa sababu skrubu za bawaba haziongezi nafasi wala hazipunguzi. Kazi yake ni kuigawa nafasi iliyopo. Kwanza nijue ipo kiasi gani.

Kila kabati lina upana wa milimita 900, na kila mlango milimita 447. Makabati mawili yanatoa 1800, milango minne inachukua 1788, zinabaki 12. Nikitoa mianya mitatu ya milimita 3 kati ya milango, inabaki 1.5 kwa kila ncha. Hesabu imekubali. Ingebaki milimita 5 tu, ningewaambia mapema kwamba seremala airande milango, maana hakuna skrubu itakayoziba deni hilo.

Kipimo changu cha mwanya ni kadi nne za benki zilizokwisha muda, nimezibana pamoja kwa utepe. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo nne zinafika 3 na ushei. Kadi zikipita kwa kusuguana kidogo juu, katikati na chini, mwanya uko sawa.

Saa 3. Naanza na vimo, kwa kuwa mistari mingine yote hufuata mstari wa chini wa milango. Naweka rula ndefu ya chuma mbele ya ukingo wa chini wa milango yote minne. Wa kwanza na wa tatu iko kwenye mstari. Wa nne uko chini milimita moja, kulia na kushoto sawasawa. Wa pili una jambo lake: pembe ya kulia, upande wa bawaba, iko kwenye mstari, ila ya kushoto imeshuka karibu milimita 2.

Hapo ndipo ushauri wa mama unapokwama. Mlango ulioshuka pembe zote mbili, kama wa nne, ndio unaohitaji kupandishwa. Ulioshuka upande wa mpini peke yake umeinama, na ukiupandisha, pembe ya bawaba nayo itapanda na kuuacha mstari. Namwonyesha mama pembe zote mbili kwenye rula. Anazitazama, kisha anasema, "Haya, endelea."

Mlango wa nne, basi. Bawaba hizi zina kikombe kilichozama ndani ya mlango na mkono unaokaa juu ya bamba lililofungwa kwenye ubavu wa kabati. Kimo cha aina hii hurekebishwa kwenye bamba lenyewe: unalegeza skrubu zake mbili kwenye bawaba zote, unapandisha mlango, unakaza. Bamba la juu linakataa. Skrubu yake moja inazunguka tu bila kubana, chipbodi imekwisha kulika. Huko ndiko ile milimita moja ilikopotelea. Nafungua mlango, najaza tundu kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi, nakata kwa usawa wa ubao, naacha likauke. Wa nne usubiri.

Saa 5. Mlango wa pili. Napima mwanya kati yake na wa kwanza: juu 1.5, chini 4.5. Kati yake na wa tatu ni kinyume, juu 4.5, chini 1.5. Wastani wa pande zote mbili ni 3, ndiyo kusema mlango haujahama mahali pake, umezunguka tu. Na hesabu inashikana: mlango wenye kimo cha milimita 720 ukiinama milimita 3 juu hadi chini, upana wake wa 447 utashuka karibu 1.9 upande wa pili. Ndiyo zile 2 nilizoziona kwenye rula.

Dawa yake ni skrubu ya pembeni, ile ya mbele kwenye mkono, iliyo karibu zaidi na mlango. Bawaba za mlango huu zimeachana milimita 520, kwa hiyo tofauti ya 3 kwenye kimo chote inakuwa takriban 2.2 kati ya bawaba na bawaba. Ningeweza kuzichukua zote kwenye bawaba ya juu, lakini bawaba nyingi huruhusu kama milimita 2 tu kila upande, na mlango mzima ungesogea. Nagawa nusu kwa nusu: bawaba ya juu inavuta mlango kulia milimita 1.1, ya chini inausukuma kushoto kiasi hichohicho.

Kijana ninayemfundisha anauliza azungushe upande gani. Aina zinatofautiana, namwambia azungushe nusu duara, afunge mlango, atazame. Kwa mkono tu, na kwa bisibisi ya msalaba yenye alama ya PZ2, inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Bisibisi ya umeme hapa ni ya kuharibu vichwa. Kwenye bawaba za zamani, skrubu ya nyuma ilegezwe kidogo kwanza, kwa maana ndiyo inayoushikilia mkono.

Kadi zinapita juu na chini, pande zote mbili. Pembe ya kushoto imerudi kwenye rula bila bamba kuguswa. Mama anafungua na kufunga, anafungua tena. Hasemi kitu.

Saa 8 mchana. Gundi imeshika, natoboa tundu jembamba katikati ya kijiti, narudisha bamba, nalipandisha milimita moja. Wa nne umefika kwenye mstari.

Kumbe pembe yake ya chini, upande wa mpini, imeingia ndani kuliko jirani yake wa tatu. Kijana ameshashika skrubu ya kina, ile ya nyuma inayopeleka mlango mbele na nyuma. Nikamzuia. Nyuma ya pembe ile kumebaki alama ya gundi tu: kile kifundo kidogo cha mpira kinachopokea mlango kimebanduka. Nabandika kipya, pembe inatoka yenyewe. Skrubu ya kina ingesogeza mlango upande wa bawaba na kuiacha kasoro palepale. Kazi yake hasa ni pale mlango unapobana ubavu wa kabati karibu na bawaba na kurudi wazi kila ukiufunga. Hapo unautoa mbele hadi upate kama milimita moja ya kupumua.

Saa 9 na nusu. Vyombo vinarudishwa kabatini kabla sijapima mara ya mwisho. Kabati lililojaa hukaa tofauti na tupu, na kurekebisha tupu ni kujitafutia safari ya pili. Mwanya wa tatu na wa nne umebana kidogo juu, robo duara kwenye skrubu ya pembeni inatosha.

Kabla sijafunga mkoba mama ananiitia kabati refu la pembeni, mlango wake mmoja hautulii juu hata ukibonyezwa. Naweka rula kimo chote cha mlango: umepinda, katikati mwanga unapita kwa milimita 4. Kwa skrubu za kina naweza kusogeza bawaba za katikati mbele na za mwisho nyuma ili upindo ugawanyike juu na chini, usionekane sana, na ndivyo nilivyofanya. Kuunyoosha siwezi. Nimemwandikia vipimo vya mlango mpya, na mahali pa vikombe vya milimita 35 kuanzia ukingo wa juu, ili bawaba hizihizi zirudi kwenye mabamba yaleyale.